Kijiwe cheusi kwenye ushanga wa boraksi: ni kobalti, shaba, manganisi au chuma?

Ukanda wa Kolwezi na Likasi, kusini mwa Kongo, hutoa vijiwe vyeusi vya namna kadhaa ambavyo machoni ni ndugu wa tumbo moja. Kuna heterojeniti, madini ya kobalti yenye fomula CoO(OH), ambayo ndiyo wachimbaji wanaifuata. Kuna oksidi za manganisi, ambazo katika mkoa wa Lualaba zina mgodi wake kule Kisenge. Kuna oksidi nyeusi ya shaba, na kuna mawe ya chuma yaliyokolea hadi kuonekana meusi. Ukivisugua kwenye kigae cheupe vingi huacha alama nyeusi au ya kahawia, na mara nyingi vyote vimepakwa kijani cha malakaiti juu. Jicho peke yake halivitenganishi.

Boraksi, kipande cha waya na moto vinaweza kuvitenganisha ndani ya nusu saa. Sharti ni kwamba usitoe jibu kwa rangi moja. Ushanga, yaani tone la boraksi lililoyeyushwa kwenye kitanzi cha waya na kutiwa chembe ya jiwe, husomwa mara nne: ukiwa moto kutoka kwenye mwali wa nje, ukiwa umepoa kutoka mwali huohuo, kisha moto na umepoa tena baada ya kukaa kwenye mwali wa ndani. Anayesoma mara moja tu na kuona bluu atasema kobalti, na huenda ana shaba mkononi.

Kinachotokea ndani ya ushanga

Boraksi ni Na2B4O7·10H2O. Ikipashwa moto hupoteza maji yake, huumuka kama andazi, kisha huyeyuka kwenye nyuzi 740 hivi za Selsiasi na kuwa kioo kisicho na rangi. Ndani ya kioo hicho kuna B2O3, ambayo huzimeza oksidi za metali na kutengeneza borati zenye rangi:

```
Na2B4O7     ->  2 NaBO2 + B2O3
CuO + B2O3  ->  Cu(BO2)2
```

Rangi hutegemea ayoni ya metali iko katika hali gani. Mwali wa nje una oksijeni ya ziada, kwa hiyo huipandisha metali kwenye hali ya juu. Mwali wa ndani una gesi ambayo haijaungua, nayo huinyang'anya metali oksijeni na kuishusha. Chuma huwa Fe3+ ya njano kwenye mwali wa nje, kisha Fe2+ yenye kijani cha chupa kwenye mwali wa ndani. Manganisi huwa Mn3+ ya zambarau, kisha Mn2+ ambayo katika kioo haionekani kabisa. Shaba huwa Cu2+ ya bluu-kijani, kisha hushuka mpaka kuwa oksidi nyekundu au punje ndogondogo za shaba yenyewe. Kobalti hubaki Co2+ kwenye miali yote miwili, na kwa sababu hiyo bluu yake haitikisiki popote. Ukilielewa hili huna haja ya kukariri jedwali refu la rangi.

Vifaa

Waya bora ni wa platini, unene wa milimita 0.3 au 0.4, urefu wa sentimita 5 au 6, uliochomekwa kwenye mpini wa kioo. Bei yake ni kubwa, kwa hiyo wengi hutumia waya wa nikromu. Unafaa, ila kumbuka kwamba nikromu ni nikeli na kromi. Ukiuchoma mno, nao huanza kuyeyukia ndani ya ushanga na kuupa ukijani au ukahawia ambao haukutoka kwenye jiwe. Waya wa jiko la umeme usioujua asili yake uache, kwa sababu baadhi yake una chuma kingi.

Boraksi inayotumiwa na masonara na wayeyushaji wa dhahabu hufaa kama ni nyeupe na safi. Ile ya sabuni iliyochanganywa na manukato au vitu vya bluu haifai. Ni vyema kuiandaa kabla: weka vijiko viwili vya chai kwenye sufuria ndogo kavu, pasha mpaka iumuke na kutulia, kisha isage na kuihifadhi kwenye chupa inayofungwa vizuri. Boraksi iliyokwisha kuumuka haitarusha vipande wala kudondoka kwenye waya ukianza kazi.

Kwa moto, kichomeo cha Bunsen ndicho rahisi kukitawala. Penye umeme na gesi ya shida, mshumaa au taa ya spiriti pamoja na mrija wa kupulizia hufanya kazi ileile; wachunguzi wa madini wa karne ya 18 na 19 walifika mbali sana kwa mrija huo tu. Tochi ya gesi ya mafundi friji ina joto la kutosha, lakini mwali wake unaunguruma kwa hewa nyingi, na mwali wa ndani hapo ni mgumu kuupata.

Utahitaji pia kinu kidogo cha kusagia, koleo, sahani ya bati ya kutemea shanga, karatasi nyeupe, asidi ya haidrokloriki, na miwani ya kinga, kwani ushanga ukipasuka hurusha vigae vya kioo. Vumbi la madini haya lenyewe si la kuvuta. Kobalti hudhuru mapafu, na baadhi ya mawe ya Katanga yana urani ndani yake, kama yale yaliyotoka Shinkolobwe. Saga ukiwa umelilowesha jiwe kidogo, safisha meza kwa kitambaa kibichi, na fanya kazi penye dirisha wazi.

Kutengeneza ushanga mtupu

Zungusha ncha ya waya kwenye njiti ya kiberiti upate kitanzi cha milimita 2 hadi 3, kilichofunga vizuri. Kitanzi kikiwa kikubwa zaidi ya hapo, ushanga hudondoka punde tu unapoyeyuka, na kikiwa na mwanya hauwi duara. Chovya kitanzi kwenye asidi, kichome, rudia mpaka mwali usibadilike rangi.

Pasha kitanzi hadi kiwe chekundu, kichovye kwenye boraksi, kirudishe kwenye moto. Kiasi kidogo kitanata na kuyeyuka. Chovya tena mara mbili au tatu mpaka kitanzi kijae na ushanga utune pande zote mbili kama lenzi. Kuchovya boraksi nyingi kwa mara moja ndiko kunakofanya donge zima lianguke.

Sasa poza ushanga huo mtupu na uutazame juu ya karatasi nyeupe. Unatakiwa uwe angavu kama kioo cha dirisha, ukiwa moto na ukiwa umepoa. Ukiona rangi yoyote, waya ni mchafu au boraksi ni chafu. Upashe tena, ukung'ute kwenye sahani ya bati, uanze upya. Hatua hii watu huiruka kwa haraka, halafu wanahangaika saa nzima na kijani ambacho kumbe ni cha ushanga wa jana.

Kuandaa jiwe

Chagua kipande kutoka ndani ya jiwe, usikwangue ngozi ya nje. Kama kuna madoa ya kijani, vunja vipande vidogo na uviloweke kwenye asidi iliyozimuliwa. Malakaiti ni kabonati ya shaba, kwa hiyo itatoa mapovu na kuyeyuka. Mapovu yakiisha, mwaga, suuza kwa maji mara tatu, kausha. Usipofanya hivyo, ushanga utakuambia kuna shaba, na hutajua kama ni ya jiwe jeusi au ni ya rangi iliyolipaka.

Saga mpaka unga uwe laini kama poda ya uso. Kama jiwe ni oksidi, liko tayari. Kama ni sulfidi, yaani lina mng'ao wa metali na ukilichoma linanuka kama kiberiti, ni lazima likaangwe kwanza: tandaza unga kwenye kigae cha kauri, uchome kwa moto wa wastani huku ukikoroga, dakika 10 hadi 15, mpaka harufu iishe. Nikeli ya Kabanga kule Ngara, kwa mfano, imo ndani ya sulfidi, na haitakupa ushanga wa maana bila kukaangwa. Sulfuri iliyobaki hunyang'anya oksijeni hata ukiwa kwenye mwali wa nje, hivyo rangi za pande mbili huchanganyika. Ukisikia harufu kama ya kitunguu saumu, hiyo ni aseniki: zima moto na utoke nje, kazi hiyo si ya chumba kisicho na bomba la kutolea moshi. Aseniki, risasi, bati na antimoni pia hukata waya wa platini kwa kuungana nao.

Kupakia sampuli

Ushanga ukiwa ungali moto na laini, uguse unga mara moja tu. Kinachotakiwa kunata ni chembe moja yenye ukubwa wa nusu ya punje ya sukari. Naam, kidogo hivyo. Kobalti ina nguvu ya ajabu ya kutia rangi, na ukipakia kiasi kinachoonekana "cha kutosha" utapata ushanga mweusi tititi ambao haumwambii mtu chochote.

Ukipata mweusi, usiutupe. Upoze, uponde kwa koleo ndani ya karatasi, chukua kigae kimoja kidogo cha kioo hicho na ukiyeyushe ndani ya ushanga mpya mtupu. Mara nyingi kijigae cha kwanza kinatosha, na kama bado ni giza, rudia mara ya pili. Njia hii ina faida nyingine: kilichoingia kwenye ushanga mpya kimeshayeyuka tayari, hakuna tena chembe za jiwe zinazoelea na kukudanganya.

Mwali wa nje

Fungua tundu la hewa la kichomeo mpaka ndani ya mwali kuwe na koni ya bluu iliyo wazi. Weka ushanga juu ya ncha ya koni hiyo, kwenye ukingo wa mwali mkubwa, si ndani yake. Uache dakika moja hadi mbili mpaka chembe iyeyuke yote na kioo kitulie. Anayetumia mrija wa kupulizia asukume hewa kidogo kutoka ndani ya mwali wa mshumaa na aweke ushanga nje kidogo ya ncha ya bluu.

Utoe, na usome papo hapo ukiwa ungali moto lakini umeacha kuwaka wekundu. Una sekunde tano au sita. Kisha usubiri upoe kabisa, usome tena. Soma kwa mwanga wa mchana, ushanga ukiwa juu ya karatasi nyeupe. Taa ya njano huifanya bluu ionekane kijani, na ukiusoma ushanga huku mwali uko nyuma yake utapata rangi ya mwali.

Jambo jingine la moto: usijaribu kusoma rangi ya mwali wakati ushanga umo ndani yake. Sodiamu ya boraksi hutia njano, na boroni yenyewe hutia kijani. Wengi wameandika "shaba" kwa sababu ya kijani hicho cha boroni.

Mwali wa ndani

Hapa ndipo wengi hushindwa. Punguza hewa taratibu mpaka nukta ndogo ya njano ionekane kwenye ncha ya koni ya ndani, halafu simama hapo. Weka ushanga kwenye nukta hiyo, ukiwa umezungukwa na mwali pande zote, na ukae nao dakika mbili hadi tatu bila kuutingisha. Shaba hasa hutaka subira.

Ukiutoa ghafla hewani ungali laini, oksijeni huurudia na kazi yote inapotea. Uteremshe polepole hadi kwenye ile sehemu nyeusi isiyowaka karibu na mdomo wa kichomeo, uushike hapo sekunde tano mpaka ugande, ndipo uutoe. Na ukipunguza hewa kupita kiasi, masizi huganda juu ya ushanga na kuufanya wa kijivu. Kijivu hicho hufanana na cha nikeli. Kukitambua ni rahisi: rudisha ushanga kwenye mwali wa nje kwa sekunde chache, masizi yataungua papo hapo, ilhali kijivu cha nikeli huchukua muda kuyeyuka tena.

Rangi zinasema nini

Tuanze na kobalti kwa kuwa ndiyo inayotafutwa. Kwenye mwali wa nje ni bluu nzito, moto na ikiwa imepoa. Kwenye mwali wa ndani ni bluu ileile. Hakuna metali nyingine ya kawaida inayofanya hivyo.

Shaba kwenye mwali wa nje ni kijani ungali moto, na hugeuka bluu yenye ukijani inapopoa. Bluu hiyo ndiyo inayowachanganya watu, lakini tazama safari yake: kobalti haikuanzia kijani. Kwenye mwali wa ndani shaba hupoteza rangi ungali moto, kisha ushanga unapopoa huzibwa na wekundu kama wa tofali, usiopitisha mwanga. Kama shaba ni kidogo mno wekundu unaweza usijitokeze. Hapo kuna msaada: toa ushanga kwenye waya, uweke kwenye kipande cha mkaa chenye kishimo, ongeza chembe ndogo ya metali safi ya bati, yaani Sn, na uupulizie mwali wa ndani kwa dakika moja. Bati hunyang'anya oksijeni kwa nguvu na kuusukuma wekundu utoke. Usifanye hivyo ukiwa kwenye waya wa platini.

Manganisi kwenye mwali wa nje ni zambarau, na ikipoa huelekea kwenye zambarau nyekundu kama ya bilinganya changa. Kwenye mwali wa ndani rangi hutoweka yote na ushanga hubaki kama mtupu. Ukiurudisha nje, zambarau hurudi. Kwenda na kurudi huko ndiko ushahidi wenyewe. Nikeli pia ni zambarau ukiwa moto, lakini hupoa ikawa kahawia nyekundu, na kwenye mwali wa ndani huwa kijivu chenye ukungu, haipotei kama manganisi.

Chuma kwenye mwali wa nje huwa njano hadi kahawia nyekundu ungali moto, kisha hufifia sana ikipoa, na kama ni kidogo hukaribia kutoweka. Kwenye mwali wa ndani ni kijani cha chupa. Kromi inaweza kufanana nayo kwa mara ya kwanza, kwa vile nayo ni njano ungali moto kwenye mwali wa nje. Ila ikipoa huwa kijani cha majani, na kwenye mwali wa ndani hubaki kijani safi kama zumaridi.

Weka pembeni shanga za kulinganishia, maana maneno kama "bluu yenye ukijani" kila mtu huyaelewa kwa macho yake. Mrututu hukupa shaba, chembe ya pamanganeti hukupa manganisi, kutu ya msumari hukupa chuma. Kobalti utaipata kwenye kloridi ya kobalti ya maabara. Zihifadhi kwenye chupa kavu, kwa sababu kioo cha boraksi hunyonya unyevu na kupata ukungu mweupe baada ya siku kadhaa, hasa pwani.

Metali zikichanganyika

Vijiwe vya Kolwezi mara chache huwa na metali moja, na hapa ndipo usomaji wa mara nne unapolipa. Ukitafuta kobalti, usomaji wenye thamani kubwa ni ule wa mwali wa ndani ukiwa ungali moto. Wakati huo manganisi imefutika na shaba imefutika. Chuma kimebaki na kijani hafifu. Kama kuna kobalti, bluu yake inabaki peke yake uwanjani.

Kwa hiyo kijiwe cha manganisi chenye kobalti kidogo ndani yake hutoa zambarau ya kibluu kwenye mwali wa nje, ambayo mtu anaweza kuidhania manganisi tupu. Kipeleke mwali wa ndani: zambarau inaondoka, bluu hafifu inabaki. Ushanga wa manganisi tupu ungekuwa angavu kama maji. Kwa njia hiyohiyo, manganisi na chuma pamoja hutoa wekundu mzito kwenye mwali wa nje, kisha mwali wa ndani huondoa zambarau na kuacha kijani cha chuma.

Chuma na kobalti pamoja ndio mtego mkubwa. Njano ya chuma ikikutana na bluu ya kobalti, ushanga ungali moto huwa kijani, kisha njano inafifia ukipoa na bluu inabaki. Kijani moto, bluu baridi: ndivyo hasa shaba inavyofanya! Mwali wa ndani huumaliza ubishi. Shaba itapotea na kurudi na wekundu, mchanganyiko wa chuma na kobalti utabaki bluu au bluu ya kijani.

Kijiwe kimoja, mwanzo hadi mwisho

Chukua kijiwe cheusi chenye mabonge ya duara kama kichala cha zabibu, alama nyeusi kwenye kigae, madoa ya kijani pembeni. Sumaku haikivuti. Vipande vya ndani vimelowekwa kwenye asidi iliyozimuliwa, mapovu yakatoka kwa dakika chache yakaisha, vikasuuzwa na kusagwa.

Ushanga wa kwanza, kwa mguso mmoja, unatoka mweusi. Unapondwa, kijigae chake kinaingia kwenye ushanga mpya. Mwali wa nje, moto: kijani chenye ubluu. Mwali wa nje, baridi: bluu nzito. Hadi hapa majibu ni mawili, ama shaba, ama kobalti pamoja na kitu cha njano au cha kijani. Mwali wa ndani, moto: bluu. Mwali wa ndani, baridi: bluu. Kobalti imethibitika, kwa kuwa bluu imevuka mwali wa ndani. Kilichobaki ni kujua ukijani ulikuwa wa nani.

Kijigae kingine kinawekwa kwenye mkaa na chembe ya bati. Baada ya dakika moja kwenye mwali wa ndani, ushanga unapoa na mistari ya kahawia nyekundu isiyopitisha mwanga inajitokeza ndani ya bluu. Hiyo ni shaba. Ili kuhakiki, waya mwingine safi, usio na boraksi, unaloweshwa asidi ya haidrokloriki, unagusishwa kwenye unga wa jiwe na kuingizwa kwenye mwali: bluu ya samawati kisha kijani. Kwa kuwa hakuna boroni hapo, kijani hicho kinaaminika. Na kwa kuwa malakaiti iliondolewa kwa asidi, shaba hii imo ndani ya jiwe jeusi lenyewe, jambo la kawaida kwa heterojeniti.

Manganisi inaweza kuwa imefunikwa na bluu, kwa hiyo inaulizwa kwa ushanga tofauti. Badala ya boraksi, kitanzi kinachovywa kwenye kabonati ya sodiamu. Magadi soda meupe yaliyosafishwa yanafaa, mradi ushanga wake mtupu ujaribiwe kwanza. Unaongezwa unga kidogo mno wa jiwe na chembe ya naitreti ya potasiamu, kisha mwali wa nje. Manganisi hata ikiwa ndogo hugeuka manganeti na kuupaka ushanga kijani cha feruzi, usiopitisha mwanga. Rangi hiyo isomwe ushanga ukiwa umepoa, kwani shaba nayo huweza kuutia ukijani ungali moto. Hapa ushanga unapoa ukiwa kijivu tu, bila feruzi. Manganisi haimo kwa kiasi cha kuonekana.

Kwenye daftari, kijiwe kinaandikwa hivi: mwali wa nje kijani-bluu, bluu; mwali wa ndani bluu, bluu; bati, wekundu; mwali bila boraksi, bluu-kijani; soda, kijivu. Maelezo: kobalti na shaba, chuma hakijathibitishwa wala kukanushwa.

Maneno hayo ya mwisho si woga. Bluu ya kobalti inaweza kuficha chuma chote kilichomo, na ushanga hauwezi kukifichua hapo. Asidi na kimiminika cha thiosianeti ya potasiamu, kinachogeuka chekundu kama damu kwa Fe3+, ndiyo njia ya kulifunga swali la chuma. Vilevile ushanga hauoni zinki, risasi, alumini, kalsiamu wala silika. Hizo huyeyuka bila rangi au hubaki kama ukungu mweupe. Wala haupimi kiasi. Kijiwe chenye kobalti asilimia moja na chenye asilimia kumi vyote hutoa bluu ileile nzito ukipakia kwa mguso wa ncha, kwa hiyo anayekuonyesha ushanga wa bluu ili akutajie bei ya gunia amekuonyesha kwamba kobalti ipo, na si zaidi.

Ukimaliza, pasha ushanga mpaka ulegee, ukung'ute kwenye sahani ya bati kwa pigo moja la mkono kuelekea chini, mbali na miguu. Kisha yeyusha boraksi mpya kwenye kitanzi, izungushe, ikung'ute tena. Ushanga wa tatu ukitoka angavu bila rangi, waya uko tayari kwa kijiwe kinachofuata. Kama bluu bado ipo, kata ncha ya waya ya nikromu na ukunje kitanzi kipya. Waya wa platini uliotumiwa kwa kobalti wengi huutenga kabisa, hautumiki kwa kitu kingine.